Maswali na Majibu: Pengo, Ioni Iliyojibana na Umeme wa Fuwele

Shikamoo mwalimu. Ioni ya fedha ikihama mahali pake kwenye AgCl, fuwele si inabaki na chaji? (Mwanafunzi, Ngamiani)

Marahaba. Hapana, haibaki na chaji. Ioni imehama, haijatoka nje. Pengo lililoachwa linahesabika kama chaji hasi moja, na ioni iliyojibana katikati ya wenzake inahesabika kama chaji chanya moja. Jumla ni sifuri. Hiyo ndiyo kasoro ya Frenkel, na Yakov Frenkel aliieleza tangu 1926. Swali hili limenijia mara nyingi mno, na kila mara aliyeuliza alikuwa hajachukua kalamu akahesabu chaji. Hesabu kwanza, ndipo uulize.

Mwalimu, nilichukua bonge la chumvi kwenye mashamba yetu nikaligusisha waya za multimita, likapitisha umeme. Je, hizo ndizo kasoro za Frenkel? (Msomaji, Bagamoyo)

Siyo Frenkel, na wala si kasoro za fuwele za aina yoyote. Ulichopima ni maji.

Chumvi ya shambani hubaki na kloridi ya magnesi kutoka baharini, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa hata siku ambayo wewe unaiona kavu. Chumvi safi yenyewe huanza kulowana unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na hapa pwani asubuhi nyingi tunavuka hapo. Juu ya bonge panakuwa na utando wa maji ya chumvi, na umeme unapita humo.

Nilifanya jaribio hilo mezani kwangu. Bonge lilipotoka mfukoni mita ilisoma kilo-omu mia chache, na namba zikawa zinapanda taratibu huku nikizitazama, kwa sababu umeme wa betri unarundika ioni kwenye ncha za waya. Nikaliweka kwenye oveni kwa muda wa saa tatu, nikalipima likiwa bado la moto: mita ikaonyesha kwamba ukinzani umepita uwezo wake. Lilipokaa nje mpaka jioni, namba zikarudi. Kasoro za fuwele haziondoki kwa oveni ya jikoni na kurudi na upepo wa bahari.

Tena, NaCl si ya Frenkel. Kasoro yake ni ya Schottky: hukosekana ioni ya sodiamu na ya kloridi kwa idadi sawa, na hakuna aliyejibana. Kutengeneza jozi hiyo hugharimu takriban elektroni-volti 2.3, kwa hiyo katika joto la chumbani mapengo ya asili ni kama hayapo.

Kwa nini Frenkel iwe kwenye AgCl na si kwenye NaCl? Notisi zetu zinasema ni kwa sababu ioni ya fedha ni ndogo. (Chumbageni)

Notisi zenu zimekosea, na kosa hili limenakiliwa kutoka daftari hadi daftari kwa miaka mingi. Fungua jedwali la nusu-kipenyo: ioni ya sodiamu ni takriban pikomita 102, ya fedha ni takriban 115. Ya fedha ndiyo kubwa!

Sababu ni ulaini wake. Tabaka la nje la elektroni la Ag⁺ hupindika kwa urahisi, kwa hiyo ioni inaweza kujibana penye ufinyu bila kulipa gharama kubwa. Ile ya sodiamu ni ngumu, haikubali kubonyea. Pia AgCl hupunguza nguvu za chaji ndani yake karibu mara mbili kuliko NaCl, na hilo nalo hushusha bei ya kutenganisha chaji chanya na hasi.

Nimetumia nishati ya 1.45 eV kwa AgCl kwenye 500 K nikapata uwiano wa kasoro wa 2.4×10⁻¹⁵. Kitabu kina namba kubwa zaidi. (Raskazone)

Umesahau mbili. Ni n/N = e^(−E/2kT), na jibu ni karibu 5×10⁻⁸, yaani ioni moja katika kila milioni 20. Umekosea kwa mara milioni 20 kwa sababu ya tarakimu moja!

Nishati hiyo moja huzaa vitu viwili, pengo na ioni iliyojibana. Kanuni inafunga *zao* la vitu hivyo viwili, na katika fuwele safi viko sawa, kwa hiyo kila kimoja ni kipeuo cha pili cha zao hilo. Idadi halisi ni kubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa hesabu hii imeacha mtetemo wa atomi na wingi wa mashimo ya kujibana. Lakini shika neno *zao*, maana swali linalofuata linasimama juu yake.

Ukiongeza CdCl₂ kwenye AgCl mapengo yanaongezeka. Mbona basi upitishaji wa umeme unashuka kwanza, halafu ndipo unapanda? (Makorora)

Hili ndilo swali nililolisubiri. Koch na Wagner walilionyesha kwa vipimo mwaka 1937.

Ioni moja ya kadmi, Cd²⁺, inakaa mahali pa Ag⁺. Imeleta chaji chanya moja ya ziada, kwa hiyo fuwele inasawazisha kwa kuacha pengo moja la fedha. Mapengo yanaongezeka, sawa. Lakini zao la mapengo na ioni zilizojibana halibadiliki maadamu joto ni lile lile. Mapengo yakiongezeka mara tatu, ioni zilizojibana zinashuka hadi theluthi. Na hizo ndizo zinazokimbia zaidi: ioni iliyojibana humsukuma jirani yake aingie shimo linalofuata, na mwendo huo ni rahisi kuliko wa pengo.

Tuchukue kwamba iliyojibana ina mwendo mara 9 wa pengo, kwa ajili ya hesabu. Fuwele safi ina 1 na 1, kwa hiyo upitishaji ni 9 + 1 = 10. Ongeza kadmi mpaka mapengo yawe 3: zilizojibana zimekuwa 1/3, upitishaji ni 3 + 3 = 6. Hapo ndipo chini kabisa. Endelea mpaka mapengo yawe 9: zilizojibana ni 1/9, upitishaji ni 1 + 9 = 10, umerudi ulipoanzia. Baada ya hapo mapengo peke yake yanabeba mzigo na mstari unapanda.

Ukizidisha kadmi, mstari hulegea tena. Cd²⁺ na pengo huvutana na kushikana, na jozi hiyo haina chaji kwa jumla, kwa hiyo haibebi umeme. Anayesema "uchafu huongeza upitishaji" bila kueleza ni uchafu gani na kiasi gani hajasema kitu.

Naweza kununua kloridi ya kadmi niyeyushe nyumbani niione mwenyewe? (Huyo huyo)

Usithubutu. Kadmi ni sumu, huharibu figo na husababisha saratani, na mvuke wake ndio mbaya kuliko vyote. Ioni za kalsiamu kwenye NaCl hufanya kazi ya aina hiyo: kila Ca²⁺ inaacha pengo moja la sodiamu. Ila hapo hutaona mstari ukishuka kwanza. Mapengo ya sodiamu ndiyo yanayokimbia kuliko ya kloridi, kwa hiyo yanayoongezeka ndiyo yenye mwendo, na upitishaji unapanda tangu mwanzo. Utahitaji tanuri ya maabara na chombo cha kupima kwa umeme wa kubadilika, si multimita ya betri.