Miezi 24 ya mkopo wa chuo

"Nimemaliza chuo Dar kwa mkopo wa HESLB, sasa nipo Wete, sina kazi. Nianze kulipa lini?"

Mdogo wangu, una miezi 24 tangu ulipomaliza masomo kabla ya kutakiwa kuanza kulipa. Ukiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye 800,000 ni 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo deni la 9,600,000 huisha baada ya miezi 80. Wengi hukwama kwa kudhani kukosa ajira kunafuta deni. Hakufuti. Muda ukipita hujalipa, unakuwa mdaiwa sugu, na mdhamini aliyetia saini fomu yako (mara nyingi ami au mjomba, maskini) naye hutafutwa. Ukianza hata biashara ya karafuu, omba kumbukumbu namba ya malipo, ulipe kidogokidogo, na risiti usitupe.