Video ya upasuaji wa kifuko cha nyongo: ziba kwanza, gawa awamu baadaye

Upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera ndio video inayofaa zaidi kuanzia kama unataka kuwaandalia madaktari wanafunzi maktaba ya kujifunzia. Unafanywa mara nyingi, hatua zake zinafahamika, na karibu kila kitu muhimu kinaonekana ndani ya lenzi. Tumezoea kuugawa katika awamu 7: maandalizi, kuchambua pembetatu ya Calot yenye mrija na ateri ya kifuko, kuweka klipu na kukata, kubandua kifuko kwenye ini, kukitia mfukoni, kusafisha na kuzuia damu, kisha kukitoa nje. Mgawanyo huo ndio uliotumika katika mkusanyiko wa Cholec80, wenye video 80 zilizorekodiwa Strasbourg, na hakuna sababu ya kubuni mwingine.

Shida haiko kwenye majina ya awamu. Iko kwenye mambo mawili: mpaka wa awamu moja na nyingine, na sekunde ambazo kamera iko nje ya tumbo. Watu wengi hugawa awamu kwanza, halafu siku ya kuwaonyesha wanafunzi wanakumbuka faragha. Wanakata vipande vya nje, na nyakati zote walizoandika zinahama. Faragha ianze.

Tuchukue video ya dakika 52. Ukiitazama yote kwa kasi mara nne, utaona kamera iko nje mara tatu. Tangu mwanzo hadi 4:12 inarekebishwa rangi na trokari ya kwanza, bomba la kupitishia kamera na vifaa, inaingizwa. Kati ya 18:44 na 19:23 imetolewa kufutwa lenzi. Kuanzia 50:15 hadi mwisho imetoka kabisa. Katika vipande hivyo huonekana nyuso za wauguzi, ngozi ya mgonjwa, kovu au chale, ubao wa ukutani wenye orodha ya wagonjwa wa siku hiyo. Kile cha katikati ndicho kinachopita bila kuonwa, maana ni kifupi na mtazamaji amezama kwenye pembetatu. Baada ya kutazama kwa kasi, rudi uangalie fremu moja kila sekunde kwa mpangilio wa picha ndogondogo. Chumba kina rangi nyeupe na kijani, tumbo lina nyekundu na njano, kwa hiyo jicho linakikamata upesi.

Vipande hivyo usivikate. Vizibe kwa weusi. Ukiziba, dakika ya 29 inabaki dakika ya 29 katika faili asili na katika nakala safi. Zidisha sekunde mbili kila upande, kwa sababu kamera ikipita kwenye trokari huwa na fremu chache zinazoonyesha chumba kabla hujatambua kuwa imetoka. Kama mashine imechapa jina na namba ya mgonjwa kwenye kona ya picha, kona hiyo izibwe video nzima. Amri hii ya ffmpeg, programu ya kuhariri video, inafanya yote kwa pamoja, pamoja na kuondoa sauti na taarifa zilizofichwa ndani ya faili:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -map 0:v:0 -an -map_metadata -1 -map_chapters -1 \
 -vf "drawbox=0:0:480:120:black:fill,drawbox=0:0:iw:ih:black:fill:enable='lt(t,254)+between(t,1122,1165)+gte(t,3013)'" \
 -c:v libx264 -crf 18 K017.mp4
ffprobe -v error -show_entries format_tags:stream_tags K017.mp4
```

Vipimo vya kona, 480 kwa 120, vibadilishe kulingana na mashine yako. Amri ya pili inaonyesha taarifa zilizobaki. Ukiona tarehe ya kurekodi au jina la mashine, hujamaliza.

Hapa kuna mtego unaotuumiza kichwa kuliko yote. Anayetaka kuokoa muda hutumia `-c copy`, njia inayokata video bila kuiandika upya. Njia hiyo haiwezi kuanza popote utakapo. Inaanzia kwenye fremu kamili iliyotangulia, kisha inakiambia kichezeshi kiruke sekunde za ziada. Kwako hazionekani, lakini zimo ndani ya faili, na programu nyingine inaweza kuzionyesha. Uso uliodhani umeufuta unaweza kuwa bado upo. Andika video upya hata kama itachukua nusu saa.

Sauti iondoke yote. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO inataka jina la mgonjwa litamkwe kabla ya kukata ngozi, kwa hiyo mara nyingi jina limo ndani ya rekodi, na mazungumzo ya baadaye yana majina ya wahudumu. Ukihitaji maelezo ya mpasuaji kwa ajili ya kufundishia, yarekodiwe upya juu ya nakala safi.

Sasa awamu. Kanuni ya kwanza ni kwamba mpaka uwe kitu kinachoonekana kwenye picha, siyo nia ya mpasuaji. "Amemaliza kuchambua" haipimiki. "Taya za kiweka klipu zimeingia kwenye picha" inapimika. Kanuni ya pili: pasiwe na pengo. Awamu inaendelea hadi alama ya awamu inayofuata ionekane, hata kama kwa sekunde 20 hakuna kinachofanyika. Kamera ikitoka kufutwa, awamu haibadiliki. Ile sehemu nyeusi ya 18:44 inabaki ndani ya kuchambua pembetatu.

Katika video yetu, maandalizi yanaanza 4:12 kamera inapoingia, na yanaisha 8:40, ndoano ya umeme inapogusa kwa mara ya kwanza utando unaofunika pembetatu. Mishikamano ya utumbo na kifuko ikibanduliwa kabla ya hapo, amueni mapema iingie wapi. Sisi tunaiweka kwenye maandalizi na kuongeza alama yake ndogo, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta mfano wa mishikamano anataka kuifikia moja kwa moja.

Mpaka unaoleta ubishi ni ule kati ya kuchambua na kuweka klipu. Watu wawili waigawe video kila mmoja peke yake, bila kuonana. Mmoja aandike kuwa klipu zinaanza 24:30, mwingine 29:05. Wote wana hoja: kwenye 24:30 mshipa mdogo ulivuja damu, mpasuaji akaweka klipu moja, kisha akaendelea kuchambua kwa zaidi ya dakika nne. Kosa la kawaida ni kuchukua wastani, 26:47, wakati ambao kwenye skrini hakuna lolote linalotokea isipokuwa ndoano ikisafisha mafuta. Kinachotakiwa ni kurekebisha kanuni: awamu ya klipu inaanza kiweka klipu kinapoingia kwa ajili ya mrija wa kifuko au ateri ya kifuko, klipu ya kuzuia damu ni alama ndogo ndani ya kuchambua. Kwa kanuni hiyo, 29:05 ndiyo sahihi, na video zote za nyuma zipitiwe tena.

Kuna hali inayofanana na hiyo: ateri inawekewa klipu na kukatwa, halafu mpasuaji anarudi kuusafisha mrija kabla ya kuufunga. Wengi hulazimisha awamu zifuatane kama namba, wakaacha kipande hicho ndani ya klipu. Ruhusu awamu irudi nyuma. Kuchambua kukizidi sekunde 10, kiitwe kuchambua. Vivyo hivyo kusafisha kunaweza kuja kabla au baada ya kutia kifuko mfukoni, na mpangilio ulioandikwa ufuate kilichotokea.

Kabla ya 29:05 kuna jambo ambalo wanafunzi wanalihitaji kuliko awamu zote: mwonekano wa usalama, ambao Strasberg na wenzake waliueleza mwaka 1995 ili mrija mkuu wa nyongo usikatwe kwa kudhaniwa kuwa ni mrija wa kifuko. Masharti yake ni matatu. Pembetatu iwe imesafishwa mafuta na nyuzi. Theluthi ya chini ya kifuko iwe imebanduliwa kutoka kwenye ini. Na ionekane miundo miwili tu, si zaidi, ikiingia kwenye kifuko. Huu usiufanye awamu, ni wakati mmoja. Andika sekunde ambayo umeonekana wazi zaidi, kisha jibu ndiyo au hapana kwa kila sharti peke yake. Katika video yetu, sharti la kwanza na la tatu yametimia 28:31, la pili halijatimia: sehemu ya chini bado imeshikamana na ini. Iandikwe hivyo hivyo. Mwandishi anayempa mpasuaji ndiyo tatu kwa heshima anamfundisha mwanafunzi kuridhika na picha isiyotosha.

Muda uandikwe kwa sekunde tangu mwanzo wa faili, siyo kwa namba ya fremu. Mashine nyingi hurekodi fremu 29.97 kwa sekunde na si 30. Ukihesabu kwa 30, mwishoni mwa dakika 52 utakuwa umepotoka sekunde 3 hivi.

```
kodi,anza,isha,awamu,alama
K017,252,520,maandalizi,
K017,520,1745,kuchambua,
K017,1470,1470,kuchambua,klipu_ya_damu
K017,1711,1711,kuchambua,usalama_1_0_1
```

Jedwali hili nalo lina faragha yake. Kodi, yaani alama inayoitambulisha video kama K017, isitokane na namba ya faili la mgonjwa, hata kwa kuivuruga kwa hesabu ya kompyuta, maana namba hizo ni chache kiasi kwamba mtu anaweza kuzijaribu zote hadi apate inayolingana. Tumia kodi ya kubahatisha. Sehemu ya maelezo huru iondolewe kabisa. Ndiko watu huandika "yule mama wa wodi ya pili, Jumanne". Tarehe kamili haihitajiki kwa kufundishia.

Hata ukifanya yote haya, kuna mpaka usiovukika kwa programu. Tukio la nadra, kama mrija uliojeruhiwa au umbile lisilo la kawaida, linatambulika na kila aliyekuwa kazini siku hiyo, na humtambulisha mpasuaji kwa wenzake. Video ya namna hiyo inahitaji ridhaa ya mgonjwa inayotaja kufundishia, tofauti na ile ya kupasuliwa, iliyosainiwa kabla ya dawa ya usingizi, pamoja na kauli ya mpasuaji mwenyewe. Isitumike kumpima kazini. Faili asili ni sehemu ya rekodi za mgonjwa; anayegawa awamu hana ruhusa ya kulifuta wala kulibeba nyumbani.

Orodha inayounganisha kodi na mgonjwa ibaki kwa mtu mmoja asiyegawa awamu, mahali tofauti na video. Mgonjwa akiondoa ridhaa, ndiyo itakayowezesha K017 kupatikana na kufutwa pamoja na jedwali lake. Kwa sababu hiyo wanafunzi watazame kwenye seva ya idara, wasipewe faili. Nakala ikishaingia kwenye simu na makundi ya ujumbe, ahadi ya kuifuta haiwezi kutimizwa, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajasaini.