Matandazo ya Majani Makavu: Yanavyotunza Unyevu, na Kosa Nililolifanya Mwanzoni

Matandazo ni kitu chochote ambacho mkulima hukitandaza juu ya udongo kuzunguka mimea yake, kwa mfano nyasi kavu, mabua au majani yaliyopukutika mitini. Tofauti na samadi, matandazo hayafukiwi. Kazi yake hufanyika pale pale juu. Nimetumia majani makavu kwa misimu kadhaa kwenye matuta ya nyanya, na msimu wa kwanza nilikaribia kuyakatia tamaa kwa kosa langu mwenyewe.

Msimu huo nilisubiri hadi udongo ukauke ndipo nikatandaza majani, nikidhani kwamba nimeuletea dawa. Kila jioni nilinyunyiza maji kidogo juu ya majani hayo, nayo yakawa yanang'aa kwa unyevu, lakini nyanya zikaendelea kunyauka. Siku nilipoyafunua na kuchimba kwa kidole, niliukuta udongo ni vumbi. Maji niliyokuwa nikimwagia yalinywewa na majani, kisha yakapotea hewani kabla ya kuifikia mizizi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba matandazo hayatengenezi maji: hutunza yale yaliyomo, na udongo uliofunikwa ukiwa mkavu huweza kubaki mkavu hata baada ya manyunyu.

Ili kuona jinsi yanavyotunza, fikiria utambi wa taa. Mafuta hupanda kwenye utambi kwa sababu nyuzi zake zimeacha nafasi nyembamba sana, na udongo nao una nafasi kama hizo kati ya chembe zake. Jua na upepo vinapokausha uso wa tuta, maji ya chini hupanda kupitia nafasi hizo kuja kuziba pengo, nayo yanageuka mvuke na kuondoka. Tabaka la majani huukata utambi huo, kwa kuwa mianya kati ya jani na jani ni mikubwa mno kiasi kwamba maji hayawezi kupanda ndani yake. Zaidi ya hapo, majani huukinga udongo na jua, ukabaki na ubaridi, na hewa iliyotulia chini yake hujaa mvuke. Hewa iliyokwisha kushiba mvuke haina nafasi ya kupokea mwingine kwa haraka. Mvua kubwa inaponyesha, matone hupasukia juu ya majani badala ya kuupiga udongo na kuufanya ugande juu, hivyo maji hupenya taratibu badala ya kutiririka.

Siku hizi, kwa tuta la mita 1 kwa mita 4, kwanza ninang'oa magugu, kisha ninamwagilia polepole mpaka nikichimba urefu wa kiganja nikute udongo wenye unyevu, unaoshikamana ukifinywa mkononi. Ndipo ninapotandaza majani kwa unene wa sentimita 8 hivi. Unene huo juu ya mita 4 za mraba unahitaji takriban lita 320 za majani yasiyoshindiliwa, ambazo ni zaidi ya ndoo 15 za lita 20, na wengi hushangaa kwamba majani yanayohitajika ni mengi namna hiyo. Tabaka la sentimita 2 hupitisha mwanga, magugu huota, na udongo hukauka upesi kuliko ulio chini ya tabaka nene. Likizidi sana unene, mvua ndogo huishia kwenye majani bila kuufikia udongo.

Majani mapana yana tabia ya kulaliana yakilowa, yakawa kama paa la vigae linalomwaga maji pembeni. Mimi huyakatakata kwanza kwa panga au kuyachanganya na nyasi kavu. Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua: baada ya mvua, juu kuna maji yaliyotuama, na chini pakavu.

Shina nalo lipewe nafasi ya upana wa vidole vinne bila majani, kwa sababu shina linalokaa ndani ya unyevu muda wote huoza na kuwapa konokono maficho. Penye mchwa wengi uangalifu uzidi, kwani majani makavu ni chakula chao. Majani ya mmea uliougua ukungu nisingeyatumia kamwe kwa zao la jamii hiyo hiyo, hata kama ndiyo pekee yaliyo karibu. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa masika, ni heri kuyapunguza, maana mizizi inayokosa hewa huifanya mimea inyauke mithili ya ile iliyokosa maji, na mkulima asiyechimba kwa kidole huongeza maji juu ya maji.

Baada ya wiki chache majani huanza kuoza na tabaka hushuka, pengine hadi nusu ya unene wake. Ninaongeza mengine pale udongo unapoanza kuonekana, na daima ninafanya hivyo siku inayofuata mvua au umwagiliaji.