Kampuni haina akili, hatia inatoka wapi?

"Wadau, kampuni moja hapa Shimanzi imeshtakiwa kwa kosa la msimamizi wa godauni. Kampuni haina akili, itakuwaje na nia mbaya?"

Ndugu yangu, mahakama huazima akili ya mtu. Ugomvi wote ni mtu gani. Kesi inayotajwa sana ni ya Tesco, kampuni ya supamaketi ya Uingereza, iliyoamuliwa 1971 na Malodi, majaji wa mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo. Tangazo la duka liliahidi sabuni ya unga kwa shilingi 2 na peni 11. Rafuni zikawekwa pakiti za bei ya kawaida, shilingi 3 na peni 11, meneja wa duka asikague, mteja akatozwa hiyo ya juu. Malodi wakasema akili ya kampuni ni wakurugenzi na wale waliokabidhiwa mamlaka yao. Meneja wa duka ni mkono tu. Kwa kuwa wakubwa walishaweka utaratibu wa ukaguzi, kosa likawa la "mtu mwingine", yaani meneja, si la kampuni, na Tesco ikachomoka.

Kwangu mimi hapo pana dosari. Kampuni ndogo ya Biashara Street, ambayo mkurugenzi mwenyewe ndiye yuko kaunta, hunaswa mara moja. Yenye ngazi nyingi huponyoka.

Ndiyo maana sheria nyingine hazitafuti akili. Sheria yetu ya Hongo hapa Kenya, ya 2016, inataka kampuni iwe na taratibu za kuzuia hongo, na kutokuwa nazo kunaweza kuitia hatiani.

Kwa hiyo soma hati ya mashtaka: kama kosa lenyewe linahitaji nia, wakili atauliza msimamizi alipewa mamlaka na nani, na mkurugenzi gani alijua. Na wakurugenzi wasilale: kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kuwafuata wao binafsi.