Yaya yuko Brusseli, parseli iko Kampemba

*Shangazi, nina parseli Kampemba, karatasi yake ni fishi ya komine tu. Yaya yangu anaishi Brusseli na sasa ana paspoti ya Ubelgiji. Nataka aweke dola 30,000 tujenge milango minne ya kupangisha, kila mmoja dola 150 kwa mwezi. Nimwambie faida ni asilimia 18 kwa mwaka?*
*Mdogo mtu, Lubumbashi*

Mdogo mtu, ukimwambia hivyo atakubali, halafu mwaka wa pili atakuita mwizi.

Parseli yako tuihesabu dola 10,000, jumla iwe 40,000. Milango minne ikijaa mwaka mzima inaleta 7,200, ndiyo hiyo 18 yako. Sasa toa miezi 5 ya mlango mmoja uliokaa wazi, au wa mpangaji anayesema "kesho" kila ukibisha: zinabaki 6,450. Kodi ya serikali juu ya pango, asilimia 22 kwa sheria ya 1969, inakula kama 1,420. Rangi, pampu, fundi, kunyonya shimo la choo: weka 900. Wewe unayefukuzana na wapangaji jilipe asilimia 10, yaani 645, na uandike wazi, maana usipoandika utajilipa kimyakimya. Zinabaki karibu 3,485. Hiyo ni asilimia 8.7, na fungu la yaya ni kama 2,600 kwa mwaka. Fedha yake itarudi baada ya miaka 11 na nusu hivi, bila kuhesabu muda wa kujenga. Si mbaya hata kidogo, lakini si 18.

Garanti usiiweke kwenye faida. Sheria ya 2015 inaruhusu miezi 3 kwa nyumba ya kukaa, kwa hiyo utashika dola 1,800 za watu. Wengi wanazinunulia mabati, na siku mpangaji anahama wanaanza kujificha.

Hatari kubwa ni karatasi. Fishi ya komine haikupi umiliki. Unahitaji setifika ya usajili. Tena uraia wetu hauchanganywi na mwingine, na sheria ya ardhi ya 1973 inampa Mkongo peke yake haki ya kudumu. Yaya sasa anaweza kupata ile ya muda tu, miaka 25 inayorudiwa. Setifika ikitoka kwa jina lako peke yako, yeye anabaki na neno lako tu. Kwa hiyo mwende kwa notere: mkataba utaje 30,000 zake, robo tatu yake, na nani anarithi mmoja wenu akifa, maana bibi yake na watoto wako hawatakumbuka mlivyoongea kwenye simu.

Omba fedha kwa awamu, msingi, kuta, paa, kila mara na risiti za simenti. Setifika ilipie wewe, kabla hujamwomba hata dola moja.