Deni la kampuni na nyumba ya mwenye hisa

"Kampuni ya kaka yangu hapa Tanga imefilisika na deni la milioni 50. Mbona nyumba yake ya Ngamiani haikupigwa mnada?"

Dada yangu, mdaiwa ni kampuni, ambayo kisheria ni mtu mwingine kabisa, na mwenye hisa hudaiwa kile tu ambacho hajalipia katika hisa zake. Kama kaka yako alichukua hisa za milioni 10 akalipia 6, mfilisi atamdai 4 zilizobaki, basi. Anayesema kwamba mwenye kampuni haguswi kamwe amepatia nusu, kwa sababu mabenki, hasa yanapokopesha kampuni ndogo, mara nyingi humtaka mkurugenzi asaini dhamana binafsi, na saini hiyo ndiyo inayoweza kuifikia nyumba. Mwombe kaka yako muusome pamoja mkataba wa mkopo.