Nimepewa siku 60 za kujirekebisha kazini, nifanyeje?

*Shangazi, shikamoo. Bosi amenipa barua ya mpango wa kuboresha utendaji, siku 60. Inasema ripoti zangu za wiki huchelewa na mawasiliano yangu na wateja hayaridhishi. Anataka nisaini kesho. Nina hasira, silali, nawaza kuacha kazi.*

Marahaba, mwanangu. Usiache kazi wiki hii. Kesho, kabla ya kusaini, soma maneno yaliyo juu ya nafasi ya sahihi. Mara nyingi sahihi huthibitisha tu kwamba umeipokea barua. Ukikuta "nakubali", omba uandike pembeni: "Nimepokea na kusoma. Maoni yangu nitayaleta kwa maandishi ndani ya siku 3." Ukigoma kusaini, mpango utaendelea vilevile, na wewe utaonekana mkaidi. Chukua nakala yako.

Siku hizo 3 zitumie kutafuta vipimo. Ripoti kuchelewa kunapimika, lakini "hayaridhishi" haina kipimo, na hapo ndipo wengi huumia: mtu hujituma siku zote 60, mwisho bosi anasema bado hajaridhika. Muulize kwa upole ni wateja gani walilalamika, lini, na aone nini ndipo aseme tatizo limekwisha. Mkikubaliana, tuseme, kwamba kila mteja ajibiwe ndani ya siku moja ya kazi, liandikwe kwenye mpango wenyewe.

Kuhusu ripoti, pitia 4 za mwisho uone kila moja ilikwama wapi. Pengine inatakiwa Ijumaa asubuhi, ilhali takwimu za mauzo hukufikia Alhamisi jioni. Ukisema "watu wa mauzo ndio wanaochelewa," utasikika unakwepa. Andika hivi: "Nikipata takwimu Jumatano jioni, ripoti itakuwa tayari Alhamisi saa 10 jioni. Naomba unisaidie kulipanga hili na idara ya mauzo." Sasa ni ombi la msaada, tena lenye tarehe. Ukigundua kilichokuchelewesha ni wewe mwenyewe, kiseme waziwazi, kisha useme utabadilisha nini.

Omba mkutane kila wiki, hata dakika 20. Kisha siku hiyohiyo mtumie barua pepe fupi: tulichokubaliana, nilichokamilisha, kilichobaki. Akiahirisha kikao, itume hivyohivyo, maana kimya cha wiki 3 ndicho kinachozaa mshangao siku ya 60. Weka kumbukumbu zako, ila usijitumie nyaraka za siri za kampuni kwenye anwani yako binafsi. Hilo peke yake laweza kukufukuzisha.

Hasira zako mwambie mtu wa nyumbani, si mwenzako wa ofisini.

Nisikufiche, kuna mipango ambayo uamuzi wake umeshafanywa. Dalili yake ni malengo kubadilishwa katikati, au bosi kukataa katakata kutaja kipimo. Ukiyaona hayo, endelea kutimiza kilichoandikwa, anza kutafuta kazi nyingine kimyakimya, na upeleke barua zako kwa chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa kazi kabla siku hazijaisha.